Dhima kali au dhima ya kosa: umedhurika, upite njia ipi?

Ukishadhurika na mtu au kampuni, kitu cha kwanza kichwani ni "wamezembea, wanilipe". Sawa, lakini subiri kidogo. Kabla hujaanza kuwatafutia uzembe jiulize swali moja: unacholalamikia ni namna walivyofanya kazi yao, au ni ile kazi yenyewe na hatari iliyobeba hata ikifanywa vizuri? Ukijibu la kwanza uko kwenye dhima ya kosa, ambayo kila siku inaitwa uzembe. Ukijibu la pili huenda uko kwenye dhima kali, yaani mtu analipa hata kama hakuna kosa lolote unaloweza kumnyooshea kidole. Nasema "huenda" kwa makusudi, manake watu wakisikia "bila kosa" wanadhani ni mteremko, ila huo mlango ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwa mbali.

Ntalinganisha kwa kutumia tukio moja hadi mwisho, na ntabaki kwenye sheria ya madhara iliyotoka Uingereza, ile inayofuatwa kwa namna moja au nyingine na nchi nyingi zilizowahi kuwa chini yake.

Tukio lenyewe

Kuna karakana ya kusafisha nguo kwa kemikali. Nyuma ya jengo ina tangi la lita 2,000 la kiyeyushi, ile dawa ya kuondoa mafuta kwenye nguo. Ng'ambo ya ukuta kuna jirani anafuga samaki. Usiku mmoja koki ya tangi inaachia, dawa inashuka, inapita chini ya ukuta, asubuhi samaki wote wanaelea. Usiku huohuo mfanyakazi wa zamu kaingia kule nyuma kuangalia harufu inatoka wapi, kavuta mvuke, kalazwa wiki nzima.

Tangi moja, koki moja, usiku mmoja, lakini hawa wawili hawaendi mahakamani kwa njia moja, na ndo maana nimewaweka wote.

Tunapima kwa nini

Kila njia ntaiuliza mambo yaleyale: mdai anatakiwa kuthibitisha nini, ushahidi mgumu unakaa kwa nani, mdaiwa anaweza kuchomokea wapi, madhara gani yanalipika, na inamfaa nani. Basi. Kuna vigezo vingine vya vitabuni ila hivi ndo vinaamua kesi.

DHIMA YA KOSA

*Unathibitisha nini.* Vitu vinne: kwamba alikuwa na wajibu wa kukuangalia usidhurike, kwamba aliuvunja, kwamba kuuvunja huko ndiko kulikosababisha madhara, na kwamba madhara hayo hayako mbali mno na kosa. Wajibu siku hizi hausumbui kwenye matukio ya kawaida, tangu kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932 inajulikana kwamba unamwangalia mtu yeyote ambaye ungeona mapema kuwa uzembe wako utamgusa, na jirani mwenye samaki hapo kaguswa waziwazi.

Vita iko kwenye kuvunja wajibu. Hapa mahakama haiulizi kama tukio ni baya, inauliza mtu mwenye akili timamu akiwa kwenye viatu vya mwenye karakana angefanya nini. Inapima uwezekano wa jambo kutokea, uzito wa madhara yakitokea, na gharama au usumbufu wa kuyazuia. Mfano mzuri ni Bolton dhidi ya Stone, 1951: mwanamke kasimama barabarani nje ya uwanja wa kriketi, mpira ukapigwa ukaruka uzio ukampata. Mipira ilikuwa imewahi kutoka nje, lakini mara chache mno ndani ya takriban miaka 30. Akashindwa. Kaumia kweli, mpira umetoka kwao kweli, na bado hakuna aliyezembea kwasababu nafasi ya mtu kupigwa ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu makini asingesimamisha mchezo. Ukitaka kujua dhima ya kosa inavyoweza kumuacha mtu mikono mitupu, shika hiyo.

Rudi kwenye tangi. Mdai atauliza: koki ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Na nani? Kulikuwa na kizingo chini ya tangi cha kudaka dawa ikimwagika? Kizingo cha zege ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na lita 2,000 za sumu kuingia kwa jirani, kwahiyo kama hakikuwepo mdai ana hoja nzito kweli. Lakini tuseme kizingo kilikuwepo kikapasuka kwa chini mahali pasipoonekana, na koki ilikuwa mpya, imefungwa na fundi mwenye ujuzi, imekaguliwa wiki iliyopita, kumbe ndani ina ufa wa kiwandani ambao huwezi kuuona bila kuipasua. Hapo mwenye karakana kafanya kila kitu. Kwa njia hii jirani anashindwa dhidi yake, anabaki kumtafuta aliyetengeneza koki.

*Ushahidi mgumu uko kwa nani.* Mzigo ni wa mdai, kwa kipimo cha kwamba inaelekea zaidi kuwa ni kweli kuliko kuwa si kweli. Shida ni kwamba vitu anavyohitaji viko kwa adui yake: daftari la matengenezo, risiti za vipuri, ratiba ya zamu. Anaweza kuomba mahakama iamuru vitolewe, ila hiyo ni miezi na ni hela, na daftari huwa lina tabia ya kupotea.

Kuna msaada kidogo, ile kanuni ya tukio kujisemea lenyewe. Ilianzia Byrne dhidi ya Boadle, 1863, pipa la unga lilianguka kutoka ghala la ghorofani likampiga mpita njia, hakuna aliyeona limeangukaje. Mahakama ikasema mapipa hayaanguki yenyewe madirishani, mwenye ghala aeleze. Watu wengi wanaichanganya hii na dhima kali na sio kabisa. Hapa bado tunatafuta uzembe, tumeruhusiwa tu kuuhisi kutokana na tukio lilivyo. Mdaiwa akileta maelezo yanayoingia akilini, kama ule ufa wa ndani ya koki, hisia inakufa na wewe unarudi kwenye mzigo wako.

*Anachomokea wapi.* Anakana kosa, anasema chanzo kingine kimekata mnyororo, au anasema na wewe ulichangia, na fidia ikapunguzwa kwa kiasi cha mchango wako.

*Kinacholipika.* Hapa ndo njia hii ina nguvu: mwili, mali, matibabu, mshahara uliopotea kwasababu umeumia. Hasara tupu ya kifedha isiyotokana na mwili wala mali yako kuguswa kwa kawaida haimo.

*Inamfaa nani.* Aliyeumia mwilini, aliyeumia ndani ya eneo la mdaiwa mwenyewe, na yeyote ambaye tukio lake limetokana na shughuli ya kawaida tu kama kuendesha gari, kutibu wagonjwa au kujenga nyumba. Pia yule ambaye kosa liko wazi mpaka halihitaji mjadala.

DHIMA KALI

*Unathibitisha nini.* Mzizi ni Rylands dhidi ya Fletcher, iliyomalizwa 1868. Rylands alitaka bwawa la maji kwa ajili ya kinu chake, akaajiri injinia na makandarasi. Wakati wa kuchimba wakakuta mashimo ya zamani ya mgodi, hawakuyaziba sawasawa. Maji yalipojaa yakapasua chini, yakapita kwenye njia za zamani mpaka migodi ya makaa ya Fletcher. Rylands mwenyewe hakujua chochote kuhusu hayo mashimo, na wakati ule uzembe wa mkandarasi wa kujitegemea haukumhesabia yeye. Kwa dhima ya kosa Fletcher alikuwa ameisha. Mahakama ikamlipisha Rylands hivyohivyo: ukileta kwenye ardhi yako kitu ambacho hakikuwepo hapo kiasili na kinaweza kudhuru kikitoroka, unakiweka kwa hatari yako.

Miaka mingi baadaye masharti yamekuwa haya: umekileta na kukikusanya mwenyewe, kina hatari kikitoka, matumizi ya ardhi yako si ya kawaida, kimetoroka kutoka kwako kwenda kwa mwingine, na aina ya madhara ilionekana kabla. La tatu, la nne na la mwisho ndo yanaua kesi.

Matumizi yasiyo ya kawaida: kesi ya Transco dhidi ya Stockport, 2003. Bomba la maji la kuhudumia jengo la ghorofa lilivuja muda mrefu bila mtu kujua, maji yakala tuta lililobeba bomba la gesi, kampuni ya gesi ikaingia gharama ya kuliokoa. Ikadai dhima kali, ikashindwa. Kuwapelekea wapangaji maji kwa bomba ni jambo la kawaida kabisa, hata kama maji yenyewe ni mengi. Kwahiyo usiangalie tu ukubwa wa madhara, angalia kama shughuli ni ya kipekee kwa mahali pale na wakati ule.

Kutoroka: Read dhidi ya Lyons, 1946. Mkaguzi wa kiwanda cha mabomu kaumizwa na mlipuko akiwa ndani ya kiwanda. Huwezi kupata kitu cha hatari zaidi ya bomu, na bado dhima kali ikakataa kwasababu hakuna kilichotoka nje ya eneo la mdaiwa. Mi binafsi naona hii ni kali kupita kiasi, mita chache za ukuta ndo ziamue haki ya mtu aliyelipukiwa? Ila ndo sheria ilivyo kule.

Kuonekana kabla: kesi ya Cambridge Water, iliyoamuliwa na mabwana wa sheria, majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakati ule, Desemba 1993, na inafanana na tangi letu mpaka inatisha. Kiwanda cha ngozi kilitumia kiyeyushi, kikawa kinadondoka kidogo kidogo sakafuni kwa miaka mpaka 1976. Kila mtu aliamini kitakauka hewani. Kumbe kilizama, kikapenya zege, kikaingia kwenye miamba inayobeba maji, kikasafiri takriban kilomita 2 hadi kisima cha kampuni ya maji, kisima kikafungwa. Mahakama ilikubali kwamba kuweka kemikali nyingi vile ni matumizi yasiyo ya kawaida, tena jaji Bwana Goff aliona ni karibu mfano kamili wa jambo hilo. Bado kampuni ya maji ikashindwa, kwasababu wakati dawa inamwagika hakuna mtu makini ambaye angeona kwamba maji ya umbali ule yataharibika. Kitu pekee kilichoonekana kabla ni mtu kuzidiwa na mvuke pale kiwandani.

Sasa hapa watu wanachanganyikiwa, wanasema "mbona kuonekana kabla ni lugha ya uzembe?" Tofauti ipo na ni kubwa. Kwenye uzembe unauliza kama alichukua tahadhari ya kutosha. Hapa tahadhari haiulizwi kabisa, hata angeweka walinzi kumi kwenye tangi, kinachoulizwa ni kama *aina* ya madhara ilikuwa inajulikana kwamba inaweza kutokea dawa ikitoka. Tukiiweka kwa jirani yetu: kiyeyushi kikiingia bwawani samaki wanakufa, hilo halihitaji profesa. Sharti limetimia. Kutoroka kupo, ukuta umevukwa. Kukusanya kupo. Matumizi yasiyo ya kawaida, mwenye karakana atabisha kwamba kusafisha nguo ni huduma ya kawaida mtaani, lakini swali ni kuhusu lita 2,000 za dawa ile kuhifadhiwa pale, na baada ya Cambridge Water jirani ana nafasi nzuri. Na ule ufa wa siri ndani ya koki uliomwokoa mdaiwa kwenye njia ya kwanza? Hapa haumsaidii chochote.

*Ushahidi mgumu uko kwa nani.* Bado mzigo ni wa mdai ila ushahidi wenyewe anaweza kuufikia: sampuli za maji ya bwawani, picha za njia ya dawa, hesabu ya samaki, mtaalamu wa kemikali kuunganisha kilichopo bwawani na kilichopo kwenye tangi. Daftari la matengenezo la karakana libaki kwao. Ushauri tu, hiyo sampuli ichukuliwe mapema na ifungwe mbele ya mashahidi, dhima kali haikusamehi usipothibitisha kwamba dawa imetoka kule.

*Anachomokea wapi.* Dhima kali si dhima isiyo na utetezi. Anaweza kusema ni nguvu ya Mungu, kama Nichols dhidi ya Marsland, 1876, mvua isiyo na mfano ilipasua mabwawa ya mapambo, mwenye mabwawa akapona. Anaweza kusema sheria ya bunge ilimruhusu, au mdai mwenyewe alikubali kitu kiwepo, au mdai ndo kajiletea. Na anaweza kusema ni mgeni kafanya: Rickards dhidi ya Lothian, 1913, mtu asiyejulikana aliziba sinki la ghorofa ya juu akaacha bomba wazi, maji yakaharibu bidhaa chini, mwenye jengo hakulipa.

*Kinacholipika.* Kwa Uingereza ni ardhi na mali iliyoko juu yake. Transco ilifunga mlango wa madai ya kuumia mwilini kwa njia hii. Kwahiyo samaki ndani, mapafu ya mfanyakazi nje.

*Inamfaa nani.* Mwenye ardhi aliyevamiwa na kitu kutoka kwa jirani mwenye shughuli ya hatari, hasa pale ambapo kosa halipo au halithibitishiki.

Tukibadilisha kitu kimoja

Tuseme koki haikuwa na ufa. Kuna mtu kapanda ukuta usiku akaifungua kwa makusudi. Hapa ndo utaona njia hizi mbili zinapokezana.

Kwenye dhima kali karakana inasema mgeni kafanya, sisi hatukuwa na uwezo juu yake, na inaweza kupona. Jirani sasa anarudi kwenye kosa na kuuliza: koki ilikuwa na kufuli? Tangi linafikika kirahisi? Kuna vijana walishawahi kuonekana pale wakichezea, mkaambiwa, mkanyamaza? Kama majibu ni mabaya, uzembe umethibitika kwasababu mgeni huyo alikuwa anatabirika. Yaani dhima kali iliyoonekana rahisi imekufa, na dhima ya kosa iliyoonekana ngumu ndo imebeba kesi. Ndo maana mawakili wazoefu hawachagui moja wakatupa nyingine kwenye hati ya madai, wanaweka zote, dhima kali kwanza na uzembe kama mbadala. Ukiweka moja tu halafu ukweli ukabadilika katikati ya ushahidi, kuomba kurekebisha hati ni gharama na mahakama inaweza kukataa.

Kabla hujaamua, uko nchi gani?

Hii sio nyongeza ya mapambo. Australia mwaka 1994, kwenye kesi ya Burnie Port Authority, mahakama ya juu kabisa ya huko iliivunja kanuni ya Rylands na kuiingiza ndani ya uzembe, kwahiyo jirani wetu huko angetakiwa kuthibitisha kosa, ingawa kiwango cha uangalifu kwa mtu mwenye kitu cha hatari ni cha juu sana. India ilienda upande mwingine kabisa: baada ya gesi kuvuja kiwandani Delhi Desemba 1985, mahakama ya juu kwenye kesi ya Mehta ilisema kampuni yenye shughuli ya hatari inalipa bila utetezi wowote wa Rylands, si mgeni si nguvu ya Mungu, na walioumia mwilini wamo. Marekani majimbo mengi yanaangalia kama shughuli yenyewe ni ya hatari isiyo ya kawaida, kulipua baruti ndo mfano wa kila siku, na huko kuumia mwili kunalipwa.

Halafu kuna dhima kali za aina nyingine ambazo hazihusiani na ardhi. Mnyama wa porini unayemfuga akimdhuru mtu unalipa hata ulimfungia vizuri. Bidhaa mbovu, sehemu nyingi mtengenezaji analipa kwa ubovu wenyewe, na jirani akiamua kumfuata mtengenezaji wa koki aangalie sheria ya bidhaa ya nchi yake inafunika mali ya aina gani, nyingine hazilipi mali ya biashara. Na mwajiri analipa kwa kosa la mfanyakazi akiwa kazini hata kama mwajiri mwenyewe hakukosea, ila hapo angalia, lazima kwanza mfanyakazi awe amekosea. Ni mseto.

Kwa hali yako

Kama kitu kimetoka kwao kikaingia kwako, ni kemikali au kitu kingine cha hatari kilichokusanywa kwa wingi, na kilichoharibika ni ardhi au mali: anza na dhima kali, weka uzembe kama mbadala.

Kama umeumia mwili, kama yule mfanyakazi wa zamu: njia yako ni kosa. Kwake hoja hazikosekani, alipewa kinyago cha mvuke? Alifundishwa afanye nini akisikia harufu? Kulikuwa na kengele? Na aangalie kwanza kama nchi yake ina mfuko au sheria ya fidia kwa wafanyakazi, mara nyingi inalipa bila kuuliza kosa, japo kiasi huwa kidogo kuliko cha mahakamani na pengine ukichukua unafungiwa kushtaki.

Kama ni maji ya bomba, umeme wa nyumbani, gari, jiko: usijisumbue na Rylands. Tafuta kosa, au tafuta kama kuna sheria ya bunge inayohusu jambo hilo moja kwa moja.

Kama hujui kilitokea nini kule ndani ila tukio lenyewe si la kawaida kutokea bila mtu kuzembea: kosa, ukitumia kanuni ya tukio kujisemea, na uombe nyaraka mapema kabla hazijapotea.

Kama madhara yamekuja polepole kwa miaka, kama kile kisima: kazi ya kwanza ni kujua tarehe. Dawa ilimwagika lini, na mwaka huo watu wa fani hiyo walikuwa wanajua nini kuhusu inakoenda? Umwagikaji wa kabla ya elimu hiyo kupatikana utakuangusha kwenye njia zote mbili, wa baada unaweza kukubeba, kwahiyo mtaalamu wako agawanye uchafu kwa vipindi ikiwezekana, na wakili aangalie muda wa kufungua kesi unaanza kuhesabiwa lini.